Jino Lililong'oka Usingizini: Wafasiri Ndoto wa Kulipwa na Namna ya Kupima Madai Yao

Ndoto ya jino kung'oka husimuliwa sana asubuhi kisimani, saluni na kwenye mkutano wa kikoba. Mama anaota anazungumza na watu, ghafla jino linacheza, analitema kiganjani, wala damu haitoki. Anaamka alfajiri ulimi ukitafuta pengo. Kabla ya saa nne jirani ameshamwambia kwamba jino ni mtu wa nyumbani: la juu ni upande wa baba, la chini upande wa mama, au kinyume chake, kutegemea jirani mwenyewe alifundishwa na nani. Asiporidhika na jirani, yupo mwingine wa kumwendea, na huyo hutoza.

Wanaotoza si wa aina moja. Yupo mzee mwenye kitabu cha tafsiri za ndoto, ambaye hufungua ukurasa na kusoma. Yupo mganga anayeagua ndoto kama anavyopiga ramli. Yupo nabii wa kanisa la uamsho, ambaye ndoto huiita ujumbe na malipo huyaita mbegu. Na siku hizi yupo wa simuni, anayejitangaza redioni au kwenye kundi la WhatsApp na kupokea ada kabla hajasikia neno. Kila mmoja ana njia yake, lakini wote hudai mambo matatu kwa mpigo mmoja, kana kwamba ni jambo moja: kwamba ndoto imebeba habari ambayo mwotaji hana, kwamba wao wanaweza kuisoma habari hiyo, na kwamba wanaweza kulizuia au kulileta lile lililosomwa. Madai haya yanafaa kutenganishwa. Mwislamu au Mkristo anayeamini kwamba Mungu huweza kusema na mja wake usingizini hajalazimika, kwa imani hiyo, kumwamini mtu fulani mwenye namba ya simu. Kinachopimwa hapa si ndoto kwa jumla. Ni iwapo huyu anayetaka shilingi elfu thelathini anaijua maana ya ndoto hii.

Kuhusu usingizi wenyewe, mengi yamejulikana tangu mwaka 1953, pale Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipochapisha habari za kipindi cha usingizi ambamo macho hukimbia huku na huku chini ya kope. Waliowaamsha watu katika kipindi hicho waliwakuta mara nyingi wakiota. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika tisini hivi, na kadiri usiku unavyokwisha ndivyo kinavyorefuka, ndiyo maana ndoto ndefu zinazokumbukwa ni za alfajiri. Karibu robo ya usingizi wa mtu mzima hupita humo. Kwa hiyo mtu huota kila usiku, hata yule anayeapa kwamba haoti. Tofauti ni kukumbuka, na kukumbuka hutegemea sana kuamka. Mama anayenyonyesha, anayeamka mara tatu kumpa mtoto titi, au mjamzito wa miezi minane asiyepata ubavu wa kulalia, hukumbuka ndoto nyingi kuliko alivyozoea. Wala haina maana kwamba ametumiwa ujumbe mwingi zaidi. Amekatizwa usingizi mara nyingi zaidi.

Sasa turudi kwenye jino, kwa sababu historia yake inaonyesha vizuri kazi ya mfasiri ilivyo. Katika karne ya pili ya miaka ya Kristo, Mgiriki aliyeitwa Artemidoro wa Daldi aliandika vitabu vitano vya kufasiri ndoto. Humo alisema kinywa ni nyumba na meno ni wakazi wake, upande mmoja wanaume na mwingine wanawake. Tafsiri ya aina hiyo hiyo, ya meno kuwa jamaa wa nyumbani, imo pia katika vitabu vya Kiarabu vilivyofika pwani yetu, na huenda hata jirani wa asubuhi anarudia elimu hiyo kongwe bila kujua. Lakini Artemidoro hakuishia hapo. Kwa mtu mwenye madeni, alisema, jino kung'oka ni kulipa deni. Karne nyingi baadaye Sigmund Freud wa Viena, ambaye kitabu chake cha ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899 kikiwa na tarehe ya 1900, aliliona jino hilo hilo kama habari za tamaa ya mwili. Na mwaka 2018 watafiti wa Israeli walichapisha matokeo yaliyohusianisha ndoto za meno na maumivu au kukaza kwa meno na fizi ambako mtu hukuhisi anapoamka. Msiba, deni, tamaa, au kusaga meno usiku: jino ni moja. Kamusi ya ndoto inayotoa jibu moja kwa uhakika imeficha majibu mengine.

Vitabu vya Kiarabu vilivyotajwa hapo juu mara nyingi huuzwa kwa jina la Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 728. Bin Sirin alikuwa mtu mwenye heshima ya kweli katika elimu hii, ila vitabu vinavyobeba jina lake vilikusanywa na watu wengine muda mrefu baada ya kufa kwake. Ipo hadithi husimuliwa juu yake, na iwe ya kweli au la, inafundisha. Watu wawili walimjia kila mmoja kwa wakati wake, wote wakiwa wameota wanaadhini. Mmoja akamwambia atakwenda kuhiji. Wa pili akamwambia atakatwa mkono kwa wizi. Alipoulizwa, akaeleza kwamba alimtazama kila mmoja na kuona ni mtu wa namna gani. Artemidoro naye aliwaagiza wafasiri wenzake wamchunguze mwotaji kwanza: kazi yake, mali yake, umri, afya, hali ya nyumbani. Mabingwa wa zamani, kwa maneno mengine, hawakuficha kwamba nusu ya kazi ni kumsoma mtu aliyekaa mbele yao. Wa leo hufanya kazi hiyo hiyo lakini mapato yake huyahesabu kuwa ni ya ndoto.

Kikao cha kawaida huenda hivi. Mama wa miaka arobaini na kitu, muuza mitumba, anaingia kwa mfasiri na ndoto yake ya jino. Mfasiri anamtazama: pete haipo kidoleni, kanga ni safi lakini imechakaa, simu kioo kimepasuka, mara mbili ametazama saa. Anaanza na neno pana. "Naona nyumbani kwako pana mtu ambaye moyo wake hauko sawa." Nyumba gani ambayo haina? Mama anashusha pumzi, na mfasiri amekwisha kupata jibu. "Ni mtu wa karibu. Si mwanamke?" Swali hili limesukwa kwa ustadi: mama akisema ndiyo, mfasiri amelenga, akisema hapana, mfasiri atajibu, "Ndivyo nilivyosema, si mwanamke." Mama anasema ni wifi yake. Hakuulizwa jina la wifi, amelitaja mwenyewe. Kisha mfasiri anaulizia biashara, kwa namna ya kueleza: "Na fedha inaingia, lakini haikai." Mama anaanza kusimulia mzigo ulioharibika bandarini na mteja aliyekopa akahama. Baada ya dakika ishirini mfasiri anamrudishia yote kwa mpangilio mzuri, kwa sauti ya chini, wifi akiwa katikati. Mama akitoka nje atawaambia wenzake, kwa moyo mweupe, kwamba yule mtu alijua mpaka habari za mzigo.

Anayetaka kuona hilo likitendeka hana haja ya kuwa mjanja. Inatosha kikao kirekodiwe kwa simu, kwa ruhusa, halafu kisikilizwe nyumbani na mtu mwingine ambaye kazi yake ni moja: kuandika ni nani aliyelitaja kila jambo kwanza. Jina la wifi, mzigo, deni, ugonjwa wa mtoto, kila kimoja kiwekwe kwa aliyekianza. Mfasiri anayekataa kurekodiwa kwa kisingizio cha siri za mteja anachekesha kidogo, maana siri ni za mteja na ndiye anayetaka rekodi.

Yale maneno mapana ya mwanzo yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha baada ya siku kadhaa akamkabidhi kila mmoja maelezo ya tabia yake binafsi na kuwaomba wayape alama kuanzia sifuri hadi tano kwa usahihi. Wastani ukawa zaidi ya nne. Ndipo akawaonyesha kwamba wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, ambayo mengi aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu kinachouzwa magazetini. Sentensi za namna ya "una uwezo ambao bado hujautumia" au "unaonekana mgumu nje lakini ndani una mashaka" humkaa kila mtu kama nguo ya mpira. Kipimo chake ni rahisi: maneno ya mfasiri yaandikwe bila ndoto na bila jina, wasomewe wanawake watano wengine wa kundi, kila mmoja aseme kama yanamhusu. Yakiwahusu wanne, hayakutoka kwenye jino la mtu yeyote.

Lakini vipi pale utabiri unapotokea kweli? Hapa ndipo wengi hushindwa kubishana, kwa sababu wana ushahidi wa macho: fulani aliota jino, na wiki haikuisha msiba ukafika. Ushahidi huo unahitaji hesabu kidogo, na hesabu yenyewe ni ya kukisia tu, ila kila kundi linaweza kuweka tarakimu zake. Tuseme kikundi kina wanawake 30, na kila mmoja hukumbuka ndoto mbili kwa wiki. Kwa mwaka hizo ni ndoto zaidi ya 3,100. Tuseme moja katika kila mia ni ya jino. Hizo ni kama 31. Sasa, mwanamke mwenye ukoo na majirani huhudhuria au kupata habari za misiba mingapi kwa mwaka? Tuseme sita. Basi ndoto yoyote ile, hata ya kuchuma maembe, ina nafasi kama moja katika tisa ya kufuatwa na msiba ndani ya siku saba. Katika zile ndoto 31 za jino, tatu au nne zitafuatwa na msiba ndani ya wiki, na mfasiri akiruhusiwa kusubiri mwezi mzima zitafika kama kumi na mbili. Hizo zitasimuliwa miaka. Zile zilizobaki, ambazo baada yake hakufa mtu, hazina msimulizi, na misiba iliyokuja bila ndoto ya jino hakuna anayeihesabu.

Kwa hiyo daftari ni chombo kizuri kuliko kumbukumbu. Linatakiwa kuandikwa kabla, si baada. Ukurasa mmoja kwa ndoto moja: tarehe, ndoto kama ilivyokumbukwa asubuhi ile ile kabla ya kusimuliwa kwa mtu, maana ndoto hubadilika kila inaposimuliwa na mwishowe hufanana na tafsiri yake. Chini yake tafsiri iliyotolewa, na hapo mfasiri aombwe mambo matatu: nani, nini na lini. "Kuna jambo linakuja" halina nani wala lini, hivyo haliwezi kukosea. Msomaji wa Biblia anaweza kulinganisha na Yusufu gerezani katika kitabu cha Mwanzo. Aliwafasiria watumishi wawili wa Farao ndoto zao, akamwambia mmoja atarudishwa kazini na mwingine atatundikwa, kila kimoja ndani ya siku tatu. Maneno ya namna hiyo yangeweza kuonekana ni ya uongo ifikapo siku ya nne. Mfasiri wa leo anayetaka kulinganishwa na Yusufu aanze kwa kutaja siku.

Tarehe ikipita, ukurasa utiwe alama, kwa wino ule ule, iwe imetokea au haikutokea. Baada ya miezi sita kundi lina kitu cha kutazama. Waangalie pia upande wa pili: misiba, ugomvi na hasara zilizowapata katika miezi hiyo bila ndoto yoyote kuzitangulia. Ikiwa matukio yanakuja sawa sawa kwa wenye ndoto na wasio na ndoto, basi ndoto haikuongeza habari.

Kipo kipimo kingine cha haraka zaidi, nacho ni cha kuwapelekea ndoto moja wafasiri wawili wasiojuana, kila mmoja bila kuambiwa habari za mwenzake. Wakitofautiana katika jambo kubwa, mmoja wao angalau hajui. Wapo wanaoona kufanya hivyo ni utovu wa adabu. Hata hivyo mtu akipimwa damu zahanati mbili kwa kuwa ana wasiwasi, hakuna anayemwita mkorofi. Na kipimo kikali kuliko vyote kimo katika kitabu cha Danieli. Mfalme Nebukadreza wa Babeli aliwaita wenye hekima wake, akakataa kuwaeleza ndoto aliyoiota. Aliwataka waanze kwa kumwambia ndoto yenyewe, ndipo ajue kwamba na tafsiri wanaijua. Walilalamika kwamba hakuna binadamu awezaye. Walikuwa wamezoea kupewa maneno kwanza, kama wanavyozoea warithi wao.

Baada ya tafsiri huja dawa, na fedha kubwa imo hapo. Ada ya kwanza huwa ndogo kwa makusudi. Tuseme ni shilingi 5,000 za Tanzania, bei ya kilo mbili za unga na mboga, ambayo mtu huitoa bila kumshauri mwenzake. Tafsiri ikishatoka mbaya, panahitajika zinguo, kombe, mafuta ya upako au kafara, na hiyo ni 30,000. Wiki inayofuata mfasiri anapiga simu mwenyewe: usiku ameona jambo limekataa kuondoka, linahitaji mbuzi mweusi, na mbuzi anaweza kutafutwa na yeye ikiwa zitatumwa 150,000. Kila hatua inalindwa na ile iliyotangulia, kwani mtu aliyekwisha kutoa 35,000 huona kuacha ni kuzitupa. Madai ya dawa hii ndiyo yasiyopimika kabisa. Msiba usipokuja, kafara imefanya kazi. Ukija, ilichelewa au ilikuwa ndogo. Hakuna tokeo linaloweza kuonyesha kwamba mbuzi hakuhitajika. Dalili za kuangalia zinajulikana: tafsiri mbaya inayoambatana na tiba ya mtu yule yule, sharti la kutomwambia mume, dada au wanakikundi, na haraka ya "kabla ya Ijumaa".

Hapa dini zenyewe zina la kusema, na si lile linalotangazwa. Katika mafundisho ya Kiislamu ndoto hugawanywa mafungu matatu: njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kutisha itokayo kwa shetani, na ile ya mtu kuzungumza na nafsi yake, yaani yaliyomshughulisha mchana. Aliyeota ya kutisha ameelekezwa ajikinge kwa Mungu, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageukie ubavu mwingine, na asimsimulie mtu. Mafundisho hayo hayamwachii mfasiri wa kulipwa nafasi yoyote katika ndoto mbaya, na ndoto mbaya ndizo zinazomlisha. Yusufu naye hakutoza. Alimwomba mnyweshaji amkumbuke tu, na mnyweshaji akamsahau.

Hasara ya fedha, hata hivyo, si kubwa kuliko ile ya wifi. Tafsiri nyingi za kulipwa humalizikia kwa mtu: mkwe, mke mwenza, jirani mwenye macho mekundu. Mwotaji hujazia jina mwenyewe, kama tulivyoona kwenye kikao. Utafiti wa Carey Morewedge na Michael Norton, uliochapishwa mwaka 2009 na kuwahusisha watu wa Marekani, India na Korea Kusini, ulionyesha kwamba walio wengi huamini ndoto hufichua ukweli uliojificha. Ulionyesha pia kwamba watu huipa ndoto uzito pale inapokubaliana na walichotaka kuamini tangu awali. Aliyekuwa na kinyongo na wifi ataliona jino kuwa shahidi. Anayempenda ataiita ndoto ya shibe. Tanzania na Kenya sheria za uchawi, zilizotungwa wakati wa ukoloni na kuendelea kutumika, zinakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi, na sababu yake inajulikana kwa yeyote aliyesikia habari za vikongwe waliouawa Kanda ya Ziwa.

Zipo ndoto ambazo kweli zinataka mtaalamu, ila wa aina nyingine. Ya kwanza ni jinamizi: mtu anaamka, macho yanaona chumba, lakini hawezi kuinua hata kidole, na kifuani pamekaa kitu kizito. Katika kile kipindi cha macho kukimbia, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili mtu asitende anayoyaota. Misuli ya kupumua na ya macho huachwa. Wakati mwingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hali hiyo huchukua sekunde au dakika chache, na huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Watafiti walioandika juu ya hofu ya Popobawa iliyoenea Pemba na Unguja mwaka 1995 waliitaja hali hii katika maelezo yao. Mwanamke anayeambiwa kwamba kile kizito ni jini mahaba, na kwamba kumtoa ni laki mbili, anauziwa kitu ambacho kingeondoka chenyewe kabla hajafika mlangoni.

Ya pili ni ndoto zinazoletwa na dawa, na hili lina hatari. Efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya Ukimwi iliyotumika kwa wingi Afrika Mashariki kabla ya kuanza kupisha nyingine katika miaka ya karibuni, inajulikana kwa kuleta ndoto kali, hasa wiki za mwanzo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama propranololi, nazo huweza kuleta jinamizi. Mfasiri asiyeuliza mteja anameza nini anaweza kumwambia kwamba ndoto zilianza tangu alipopewa vidonge, kwa hiyo vidonge vina kitu. Nusu ya sentensi hiyo ni kweli. Dawa haiachwi kwa neno la mfasiri; mtu hurudi kliniki, aeleze ndoto zake na tarehe zilipoanza, na mara nyingi saa ya kumeza au dawa yenyewe huweza kubadilishwa.

Ya tatu ni ndoto moja ya kutisha inayorudi, usiku kwa usiku, baada ya ajali, kubakwa, kufiwa au kupigwa. Hiyo si utabiri, ni kumbukumbu ambayo haijatulia. Washauri nasaha na wauguzi wa afya ya akili wana njia yake, na hatua zake zinasimulika. Mchana, mtu akiwa mahali penye utulivu, anaiandika ndoto. Anaubadilisha mwisho wake kwa namna anayoitaka mwenyewe, mlango unafunguka, dada anatokea, maji yanakauka. Kisha anaurudia mwisho huo mpya akilini kwa dakika kumi hadi ishirini kila siku, kwa wiki kadhaa. Anaanza na ndoto isiyo kali sana. Kwa wengi ndoto hupungua, ingawa si kwa wote, na aliyeumia vibaya hafai kuachwa afanye peke yake.

Kuhusu sheria, aliyetapeliwa ana pa kushika kuliko anavyodhani. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ya Kenya pia. Tanzania, waganga wa tiba asili husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, lakini cheti hicho kinahusu tiba. Hakimthibitishi mtu kuwa anajua kusoma ndoto, hata kikitundikwa ukutani kwa fremu ya dhahabu. Meseji za ada zisifutwe. Muamala wa simu una namba yake, jina lililosajiliwa na saa. Kampuni ya simu ipigiwe mara moja kabla fedha hazijatolewa kwa wakala, kisha polisi waandikiwe maelezo wakiwa na meseji hizo mkononi. Kwa Tanzania, namba ya simu ya tapeli hutumwa pia kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.